Miaka Miwili ya Rejesho, Deni Halisogei

Bi Mshauri, salaam sana.

Oktoba 2021 nilichukua mkopo wa rehani wa shilingi milioni 5, nikanunua nyumba hapa Mtwapa. Miaka 15, riba asilimia 12 inayobadilika, rejesho 60,008 kwa mwezi, linakatwa moja kwa moja kwenye mshahara wangu wa bandarini. Sijakosa hata mwezi mmoja. Oktoba 2023 benki ikanitumia ujumbe wa simu kwamba riba sasa ni asilimia 15. Rejesho halikupanda, nikamshukuru Mungu nikanyamaza.

Juzi nimeomba taarifa ya mkopo nione nimefika wapi. Miaka miwili hii nimelipa 1,440,000 na chenji, na deni limetoka 4,730,038 likafika 4,705,504. Limepungua elfu ishirini na nne! Na taarifa yenyewe bado inasema namaliza Oktoba 2036.

Nilipokwenda kulalamika, afisa akanipa fomu ya kuhamia riba isiyobadilika: asilimia 13.5 kwa miaka 5, ada ya kuhama asilimia 2 ya deni. Shemeji yangu anasema nitie sahihi haraka. Mwenzangu kazini anasema riba zinashuka, nikijifunga nitajuta. Mke wangu ana laki 6 za ploti aliyouza Kilifi, anataka tuzijengee vyumba vya kupangisha. Nina miaka 46, watoto wawili wako sekondari. Nifanye nini?

Mwenye Nyumba wa Karatasi, Mtwapa

*

Ndugu yangu, hakuna aliyekuibia kwenye hesabu. Nimeipiga mara mbili na inakubali. Ulichofanyiwa ni kingine, nacho hakikuandikwa kwenye ule ujumbe wa simu.

Chukua kalamu. Deni zidisha kwa riba, gawa kwa 12: hiyo ndiyo riba ya mwezi mmoja, na benki huichukua kwanza kabla shilingi yoyote haijagusa deni lenyewe. Mwezi ule wa Oktoba 2023, kwa asilimia 12, riba yako ilikuwa kama 47,300. Ukitoa hiyo kwenye rejesho la 60,008, zilibaki 12,708 za kupunguza deni. Riba ilipofika 15, deni lilelile likaanza kudai 59,125 kila mwezi. Nyongeza ni 11,825. Zimetoka wapi, na rejesho halikupanda? Zimetoka kwenye zile 12,708. Ukabakiwa na shilingi 883.

Mia nane themanini na tatu! Hizo ndizo zilizokuwa zikilipia nyumba yako, ilhali mshahara unakatwa elfu sitini. Zizidishe kwa miezi 24, pamoja na kale kaunafuu kadogo kanakotokana na deni kupungua, utazipata elfu ishirini na nne zako barabara.

Riba inayobadilika ikipanda, benki ina njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha rejesho ili tarehe ya kumaliza isiguswe. Kwako lingetoka 60,008 likafika kama 69,070. Ungelia, lakini ungejua umepigwa. Ya pili ni kuliacha rejesho lilivyo na kuuacha muda urefuke. Hii haina kelele, na ndiyo maana wateja wengi huipenda bila kujua wamependa nini. Kwenye mkataba wako, tafuta kifungu kinachosema benki "kwa hiari yake" inaweza kuongeza rejesho au kurefusha muda. Niliketi dawati la rehani miaka kumi na moja, na kifungu hicho nilikiona mara nyingi. Wateja walioniuliza maana yake hawatoshi kujaza matatu.

Muda nao haurefuki sawia na riba. Oktoba 2023 ulikuwa umebakiza miaka 13. Kama riba ingepanda hadi 14 tu na rejesho likabaki 60,008, ingekuwa miaka 18. Kwa 15 imekuwa miaka 28, yaani hadi mwaka 2052, wewe una miaka 73. Kwa kitu kama 15.25, humalizi kulipa kamwe: riba ya mwezi inalizidi rejesho na deni linaanza kukua lenyewe. Umekaa robo ya pointi kutoka ukingoni, na hakuna aliyekwambia.

Basi ile 2036 kwenye taarifa ni nini? Ni tarehe iliyoingizwa kwenye kompyuta siku ulipochukua mkopo, na haijabadilishwa. Ukiendelea na 60,008 kwa asilimia 15, Oktoba 2036 itakukuta na deni la milioni 4 na laki 3, na tarehe ya mkataba imefika. Hapo utaitwa ofisini, na hutaitiwa chai.

Sasa huyo mwenzako wa kazini. Ana hoja, ila ameishika nusu. Ulipokopa mwaka 2021, riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7. Ikaanza kupandishwa Mei 2022, na kufikia Februari 2024 ilikuwa 13. Agosti 2024 ikaanza kushushwa, hatua kwa hatua, hadi 9.25 mwezi Oktoba 2025. Hiyo ni kweli, riba zinashuka. Lakini tazama pengo kati ya riba ya Benki Kuu na yako. Mwaka 2021 ulikuwa unalipa pointi 5 juu ya ile ya Benki Kuu. Ilipofika 13, wewe ulibaki 15, pengo la pointi 2 tu. Tuwape haki yao: benki yako haikukutupia mzigo wote. Sasa Benki Kuu imeshuka na wewe bado uko 15, pengo limefika karibu 5.75. Benki inarudisha ilichoacha kule juu. Sababu nyingine ni kwamba amana za muda maalumu ilizopokea riba zikiwa juu bado inazilipia kwa bei ileile mpaka ziive. Kwa hiyo kupanda ni kwa lifti, kushuka ni kwa ngazi.

Tukirudisha pengo la siku ulipokopa, pointi 5 juu ya 9.25, riba yako ya haki leo ni kama 14.25. Hii ndiyo namba ya kwenda nayo benki. Na ndiyo inayokuonyesha kwamba fomu ya 13.5 si mtego moja kwa moja kama anavyodhani mwenzako: riba yako inayobadilika ingelazimika kushuka robo tatu ya pointi chini ya hiyo 14.25 ndipo ilingane na uliyopewa. Inaweza kushuka hivyo. Inaweza pia isishuke.

Shemeji naye anakuharakisha kwa sababu anaiona 13.5 pembeni ya 15. Mimi nataka uone maneno matatu kwenye fomu hiyo kabla ya namba. La kwanza, miaka 5 hiyo ikiisha unaangukia wapi? Mara nyingi ni kwenye riba inayobadilika "itakayokuwapo wakati huo", na wakati huo utakuwa umebakiza miaka 6. La pili, ukilipa zaidi ya rejesho, au ukitaka kumaliza mapema, unatozwa nini? Riba isiyobadilika huja na adhabu ya kulipa kabla ya wakati, kwa kuwa benki nayo imejifunga kwa bei hiyo kwa wenye pesa wake. La tatu ni ada. Asilimia 2 ya deni lako ni kama 94,000, na hiyo unailipa siku ya kwanza, riba zikipanda zisipande.

Usiiweke hiyo ada kando kama gharama ya karatasi. Iweke kwenye mzani na pengo la riba. Tuseme benki ikubali kukushusha hadi 14.25 bila kuhama. Tofauti na 13.5 ni robo tatu ya pointi, ambayo kwa deni lako ni kama 35,000 kwa mwaka. Ada ya 94,000 inakuchukua karibu miaka mitatu kuirudisha, kati ya mitano uliyonunua. Na kama riba inayobadilika itafika 13.5 mwaka kesho, umeinunulia hewa. Lakini kama bila kuhama ungebaki kwenye 15 hivi hivi, ada hiyo inajirudisha ndani ya mwaka mmoja na miezi michache. Ndiyo maana neno la kwanza si "nihame au nisihame". Neno la kwanza ni "nishusheni".

Na hapa kuna sheria ya kuegemea. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, kifungu cha 84, inasema riba ya rehani inayobadilika hupandishwa au kushushwa kwa notisi ya maandishi, ikitolewa siku 30 kabla kwa uchache, ikieleza riba mpya waziwazi na kwa namna inayoeleweka. Uliza notisi yako ya mwaka 2023 iko wapi. Sikwambii ukimbilie mahakamani kwa ajili ya ujumbe wa simu. Nakwambia mteja anayeandika barua akataja kifungu hicho hajibiwi na kijana wa kaunta. Barua yake inapanda ghorofa. Omba pia kwa maandishi hesabu ya jinsi riba yako inavyokokotolewa: imefungwa kwenye kigezo gani, na nyongeza juu yake ni ngapi. Mwaka 2025 Benki Kuu ilitangaza utaratibu mpya ambao unazitaka benki ziifunge mikopo ya riba inayobadilika kwenye KESONIA, yaani wastani wa riba ambazo benki hutozana zinapokopeshana shilingi kwa usiku mmoja, halafu nyongeza ya benki ionekane peke yake. Mikopo mipya ilipangiwa kuanza Desemba 2025, na ya zamani kufuata. Nyongeza hiyo ndiyo ya kujadiliana nayo. Ikishaandikwa kwenye mkataba wako, imekaa.

Sasa zile laki 6 za mama watoto. Najua naingia pabaya, pesa za ploti ya mtu ni za mtu. Lakini mwambie hivi: laki 6 zikiingia kwenye deni leo, kwa asilimia 15, zinaokoa riba ya 7,500 kila mwezi kuanzia mwezi ujao, bila saruji, bila fundi kupotea na bila mpangaji kuhama usiku. Vyumba vya laki 6 hapo Mtwapa vikikupa zaidi ya hizo baada ya matengenezo na miezi ya kukaa wazi, mjengee. Mimi sidhani, ila wewe unaujua mtaa wako.

Kama atakubali, mpangilio ni huu, na usiugeuze. Pesa ziingie kwanza, sahihi baadaye. Ukitia sahihi ya riba isiyobadilika halafu ukaleta laki 6, utakumbana na adhabu ya kulipa mapema, na ada yako itakuwa imehesabiwa juu ya deni kubwa. Ukitanguliza laki 6, deni linashuka hadi 4,105,504 na ada ya asilimia 2 inashuka hadi kama 82,000. Ziingize kwa barua inayosema zinapunguza msingi wa deni, si "malipo ya mapema ya miezi ijayo". Nimewaona watu wamelipa malaki, kisha kompyuta ikazila kidogo kidogo kama marejesho ya kawaida, mwezi baada ya mwezi, na riba ikaendelea kuhesabiwa juu ya deni la zamani. Baada ya wiki moja chukua taarifa mpya uone msingi umeshuka.

Hapo ndipo hesabu inaanza kupumua. Kwa deni la 4,105,504 na miezi 132 iliyobaki hadi Oktoba 2036, rejesho la kweli kwa asilimia 15 ni kama 63,700. Kwa 14.25 ni kama 61,750. Kwa 13.5 ni 59,860, chini kidogo ya unalokatwa leo. Bila laki 6 hizo, kumaliza 2036 kungekutaka karibu 73,000 kwa asilimia 15, au 68,600 kwa 13.5, na kwa ada ya shule za sekondari sijui ungezitoa wapi. Na kumbuka sheria ya kazi hairuhusu makato kumeza zaidi ya theluthi mbili za mshahara. Angalia hati yako ya mshahara umebakiza nafasi kiasi gani kabla ya kuahidi chochote.

Umeniuliza ufanye nini, nisikuzungushe. Mimi ningechukua riba isiyobadilika, kwa sharti moja: ada ishuke hadi asilimia 1 au ifutwe. Sababu yangu si kwamba naijua riba ya kesho. Ni kwamba pointi moja ya riba leo inakugusa kwa kama 3,400 kila mwezi kwenye deni la milioni 4.1, na wewe huna pa kuziokota. Baada ya miaka mitano ya kulipa 59,860, deni litakuwa limeshuka hadi chini kidogo ya milioni 3, na pointi ileile itagusa kama 2,450, watoto wakiwa wamemaliza sekondari. Unanunua utulivu kwa kipindi ambacho deni ni kubwa na mfuko ni mwembamba. Angekuwa mtu mwenye mshahara wenye nafasi na hana karo, ningemwambia abaki kwenye inayobadilika na afuate riba ikishuka.

Wakikataa kupunguza ada, na wakakubali kukushusha hadi 14.25 au chini yake, baki ulipo. Ila baki kwa masharti yako: andika kwamba kila riba inapobadilika, rejesho ndilo libadilike, tarehe ya Oktoba 2036 isiguswe. Wakiitikia kwa mdomo, haijaitikiwa.

Jambo moja la pembeni, maana linasahauliwa sana. Nyumba unaishi mwenyewe, kwa hiyo riba unayolipa inapunguza kipato chako kinachotozwa kodi, na tangu mwisho wa Desemba 2024 kiwango kimepanda kutoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Wewe unalipa riba ya kama laki 7 kwa mwaka, hivyo unaijaza yote. Kama kodi yako ya juu ni asilimia 30, hiyo ni 108,000 kwa mwaka, elfu 9 kwa mwezi. Waombe benki cheti cha riba uliyolipa, kipeleke ofisi ya mishahara. Kama hujawahi kupeleka, basi umekuwa ukiiachia Serikali.

Jumatatu, kabla ya kwenda benki, andika kwenye karatasi namba nne: 4,105,504, 14.25, 59,860 na Oktoba 2036. Afisa akikuletea fomu, mwombe ratiba nzima ya marejesho iliyochapwa, mwezi kwa mwezi, hadi mstari wa mwisho. Ruka katikati yote, nenda kwenye mstari huo. Usiposoma sifuri hapo, rudisha kalamu yao.